Geti la mtaa linafungwa saa tano

Saa nane na dakika kumi usiku. Nimekaa kwenye bajaji, mimba ina wiki 35, simu mkononi nimewasha saa ya kuhesabia, na mbele yetu kuna bomba la chuma limekatiza barabara na kufungwa kufuli. Dereva anapiga honi. Mbwa wanabweka. Hakuna mtu anayekuja.

"Mlinzi yuko wapi?"

"Saa hizi huwa anazungukia kule juu dada, tusubiri tu."

Usiku ule sikuwa na uchungu, nilikuwa mzima kabisa. Nilimuomba dereva anipeleke hospitali na kunirudisha, nikamlipa kama safari ya kawaida, ili nijue kutoka kitandani kwangu mpaka mlango wa wodi ya wazazi ni dakika ngapi kwa saa ile. Baba watoto alikuwa zamu ya usiku bandarini, mtoto mkubwa nilimuacha kwa mama mwenye nyumba, na yule mama alinisindikiza mpaka mlangoni akiniangalia kama mtu asiyenielewa vizuri.

Mlinzi alifika baada ya dakika 11.

Nikazihesabu zote nikiwa nimeshika tumbo.

Neno moja kwenye kadi

Tulihamia Dar mwishoni mwa Novemba tukitokea Songea, tukapanga Majohe, ndani ndani kule, maana nyumba za huko ndio tulizoziweza. Zahanati ipo, natembea dakika kumi nimefika, kwahiyo kwa upande wa kliniki mimi nilijihesabu nimeshamaliza. Nilienda na kadi yangu ya Songea, nesi akaipitia taratibu, alafu akafika pale kwenye mpango wa kujifungua.

"Utajifungulia wapi mama?"

"Si hapa hapa."

"Uzazi uliopita ulikuwa na shida yoyote?"

Nikamwambia ukweli, kwamba baada ya mtoto kutoka nilitokwa damu nyingi sana, kumbe kipande cha kondo la nyuma kilibaki ndani, wakanisafisha na nikaongezewa chupa mbili za damu. Akaweka peni chini. Akaniambia wewe huzalii hapa, kliniki njoo kama kawaida lakini kuzaa hapana, maana aliyewahi kutokwa damu hivyo anaweza kutokwa tena, na sisi hapa sindano ya kukaza mji wa mimba tunayo, dripu tunayo, ila damu hatuna na chumba cha upasuaji hatuna. Akasema mama anayetokwa damu baada ya kuzaa anaweza kupotea ndani ya saa mbili tu. Hayo masaa mawili, kutokea hapa, utayamalizia barabarani.

Alafu akauliza la mwisho.

"Na usiku utafikaje?"

"Tutapata usafiri tu."

Akaandika kwenye kadi: *atakodi*.

Hilo neno ndilo lililonisumbua wiki na wiki. Nilikuwa nikilifikiria nikipika, nikilala, nikimkogesha mtoto. Songea nilikuwa na mama yangu, nilikuwa na mjomba mwenye gari, hakuna aliyewahi kuniuliza nitafikaje. Hapa nilikuwa na mwezi mmoja, najua majirani watatu, na ndugu wa karibu yupo Kibaha. Atakodi nani? Kwa namba ipi? Saa ngapi?

Mchana wanakujibu, usiku unaona

Nilianza na sehemu ya kuzalia. Kulikuwa na kituo cha afya kimoja si mbali sana na barabara kubwa, kila niliyemuuliza alikuwa anakisifia, kina chumba cha upasuaji kipya kabisa. Nikaenda asubuhi, nikauliza upasuaji mnafanya? Tunafanya. Damu ipo? Ipo. Nikarudi nyumbani moyo umetulia.

Ila kitu kikawa kinanikera. Nilikuwa nimeuliza saa nne asubuhi swali la saa nane usiku.

Wiki iliyofuata nikarudi pale saa tatu usiku na baba watoto. Nikamkuta nesi wa zamu, dada mmoja mpole sana, nikamuuliza tofauti kidogo. Sikuuliza kama upasuaji upo, niliuliza sasa hivi akija mama anayetakiwa kupasuliwa, nani atampasua na nani atampa dawa ya usingizi? Akanijibu bila kuficha. Daktari yupo, wa dawa ya usingizi anaitwa akiwa nyumbani, akiwa karibu anafika nusu saa, akiwa mbali inategemea. Na damu je? Kwenye friji kulikuwa na chupa moja, na haikuwa ya grupu langu. Zikihitajika nyingi wanafuata hospitali kubwa au wanampakia mgonjwa apelekwe kule.

Simlaumu yule dada, alinisaidia kuliko wote. Na kwa mama ambaye uzazi wake hauna historia mbaya pale ni pazuri kabisa, hata mimi ningemshauri aende. Kwangu mimi shida ilikuwa ni ile ile ya zahanati, imesogea mbele kidogo tu. Ningezaa pale, damu ikianza ningepakiwa kwenye gari tena.

Kwa hiyo ikabaki hospitali ya rufaa ya mkoa. Dar zinajulikana, Amana, Mwananyamala na Temeke, na sisi upande wa Ilala ni Amana. Kutoka kwangu ni kama kilomita 20: unatoka Majohe mpaka Gongo la Mboto kwa vumbi au tope kutegemea na msimu, unashika barabara ya Nyerere, unapita Ukonga, uwanja wa ndege, mpaka TAZARA pale flaiova, unakata kushoto Mandela mpaka Buguruni, alafu Uhuru mpaka Ilala.

Nesi wa zahanati akanielekeza jambo ambalo nisingelijua peke yangu. Hospitali ya ngazi ile inategemea uje na rufaa, sio ujitokezee tu getini na tumbo. Akaniandikia barua mapema, wiki ya 34, akaeleza ile historia ya damu na grupu langu, na akaniambia niende nayo kliniki ya huko angalau mara moja kabla ya siku yenyewe, wanifungulie faili. Nikaenda. Juu ya kadi wakaandika kwa peni nyekundu: *alitokwa damu nyingi uzazi uliopita*.

Yale maandishi mekundu yalinipa usingizi kuliko kitu chochote miezi ile.

Damu ya nani

Hapa nilikwama kidogo. Kwenye ule mpango wa kujifungua kuna sehemu ya mchangia damu, na Songea walichanga wajomba. Dar nani?

Wingi wangu wa damu Desemba ulikuwa 9.6, na kwa mjamzito wanataka angalau 11. Nesi alinieleza kwamba mtu mwenye damu pungufu hata akitokwa kidogo anazidiwa haraka, kwahiyo kazi ya kwanza ya kujikinga iko kwenye sahani na kwenye vidonge. Nilikuwa navimeza vile vidonge vya kuongeza damu kila siku, ila na chai ya rangi! Kumbe chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Nikahamia kumeza na maji usiku kabla ya kulala, na chai nikaiweka mbali na vidonge. Wiki ya 36 nikapima, 11.1.

Kazi ya pili ikawa ya baba watoto. Aliongea na wenzake wa zamu, watatu wakakubali, wakaenda wanne kuchangia mwishoni mwa Machi. Kwanini mwishoni mwa Machi? Kwa sababu damu ikishatolewa inakaa kama siku 35 tu kwenye friji, alafu inamwagwa. Wangechanga Januari ingekuwa imewasaidia wengine, ambayo ni kheri, lakini mimi niliyekuwa natarajia katikati ya Aprili isingenikuta. Na ieleweke, ile damu hawakuiandika jina langu. Iliingia benki, ikapimwa ukimwi, homa ya ini na kaswende kama damu zote. Tulichofanya ni kuongeza chupa nne kwenye friji ambalo huenda ningelihitaji.

Namba haipatikani

Turudi kwenye usafiri.

Wazo langu la kwanza lilikuwa apu ya simu. Nikajaribu siku tatu tofauti usiku, saa saba, saa nane, saa tisa. Usiku wa kwanza dereva alikubali, akapiga kuuliza uko wapi, nikamwambia Majohe, akakata. Usiku wa pili hakuna gari. Wa tatu alikuja mpaka barabara kubwa, akasema kule ndani siingii, gari chini. Siwalaumu, ile njia kwa gari ndogo ni mateso kweli, ila nilijua hiyo nimeifuta.

Bodaboda zipo usiku kucha kijiweni. Lakini mtu mwenye uchungu kukaa mguu huku mguu huku kilomita 20, akidondoka je? Hapana.

Mama mwenye nyumba ndio akaniambia mwanangu, tafuta wa bajaji anayelala karibu, sio anayepaki karibu. Hiyo tofauti sikuwa nimeiwaza. Wengi wanaopaki kijiweni kwetu wanalala Ukonga au Kitunda, saa sita wameshaondoka. Akanipeleka kwa kijana mmoja nyumba ya nne kutoka kwetu, bajaji yake inalala uani. Tukaelewana elfu 25 kwa usiku, nikamuachia elfu 10 ya mafuta, kwa makubaliano kwamba kuanzia wiki ya 36 asilale na tenki tupu. Na hela yote ya safari nikaiweka taslimu kwenye begi la kujifungulia, pembeni ya glavu na kanga, kwa sababu mtandao wa simu ukigoma saa nane usiku hakuna wakala wa kumuamsha.

Alafu nikampigia saa tisa usiku, kujaribu tu.

Namba unayopiga haipatikani.

Nikapiga tena kesho yake. Haipatikani. Asubuhi nikaenda, akacheka kwa aibu, akasema dada mimi simu yangu betri imechoka, nikilala naizima ili asubuhi iwe na chaji. Nikasimama pale uani sijui niseme nini. Mipango yote, rufaa, damu, hela, inaishia kwenye betri ya simu ya mtu.

Mke wake alikuwa anafua pembeni, kamsikia. Akafuta mikono akasema, "Chukua yangu. Mimi nina mtoto mchanga, usiku silali, nitamuamsha."

Hiyo ndiyo namba iliyofaa. Nimeijaribu usiku mara tatu, mara zote tatu alipokea.

Na ile safari ya majaribio ndio ikanionyesha geti. Ulinzi shirikishi wanafunga saa tano usiku, ufunguo anao mlinzi mmoja, na mlinzi anazunguka. Kesho yake nikaenda kwa mjumbe. Mzee wa watu alinisikiliza vizuri, akasema ufunguo hatuwezi kugawa kwa sababu ya wezi wa pikipiki, lakini namba ya mlinzi atanipa, na atamwambia nyumba fulani kuna mama, akipigiwa aache kila kitu aje getini.

Kuna hii nyingine pia niliiweka kwenye simu, 115. Haikatwi salio. Ni ya mpango wa m-mama uliozinduliwa kitaifa 2022, unapiga, mhudumu anakuuliza dalili na mahali ulipo, anatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana wanamtumia dereva wa eneo hilo aliyesajiliwa, analipwa na mpango akishamfikisha mgonjwa. Ile ni kwa dharura: damu inatoka, kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, degedege, mtoto ameacha kucheza. Uchungu wa kawaida ni bajaji yako. Nilichofanya ni kuandika kwenye karatasi mlangoni maelekezo ya kufika kwetu, namba ya kibao cha anwani na alama tatu za njiani, kwa sababu nilijipima nikagundua kwamba mimi mwenyewe kuelekeza mtu kwa simu nikiwa na maumivu nisingeweza, na mama mwenye nyumba hajui majina ya njia.

Usiku wenyewe

Katikati ya Aprili, mvua. Baba watoto bandarini.

Saa sita na nusu tumbo likakaza, likaachia. Baada ya dakika 12 tena. Nesi alikuwa amenikaririsha: mtoto wa kwanza unaweza kusubiri mpaka uchungu uje kila dakika 5 kwa saa nzima, lakini wewe ni wa pili na unakaa mbali, ukifika kila dakika 10 ondoka, wa pili huwa hachelewi. Saa saba kasoro dakika tano ilikuwa kila dakika 10.

Nikampigia dereva kwanza, kwa mazoea. Haipatikani.

Nikampigia mke wake. Mlio wa pili.

"Dada, ni leo?"

"Ni leo."

Dakika kumi baadaye bajaji iko mlangoni, turubai zimeshushwa, na huyo mke wake amekuja nayo, mtoto wake kamfunga mgongoni, kuja kumsaidia mama mwenye nyumba kunipandisha. Tumeondoka saa saba na dakika tano. Getini mlinzi alikuwa amesimama na mwamvuli, bomba limeshanyanyuliwa.

Kwenye korongo maji yalikuwa yanapita juu ya barabara. Dereva akasimama, akamulika, akaangalia ukingo wa mawe anaoujua, hauonekani. Hakujaribu. Akageuza, tukapita njia ya juu, ndefu, ambayo usiku wa majaribio yeye mwenyewe ndiye aliyesisitiza turudi nayo ili niione. Wakati ule niliona ananipotezea muda.

Saa saba na dakika 52 tulikuwa hospitali. Nesi akachukua kadi, akaona peni nyekundu, akaita mwenzake. Njia ilikuwa imefunguka sentimita 7. Saa tisa na robo mtoto akatoka, wa kike, analia.

Sijui hata kama dakika ilipita, nikachomwa sindano ya paja. Nesi akanishika tumboni, kondo likatoka, akaliweka kwenye sinia na kuligeuza chini ya taa, kipande kwa kipande. "Limetoka lote mama." Nikaanza kulia, kwa sababu Songea sikumbuki mtu akiligeuza.

Damu ilikuja zaidi ya kawaida kidogo. Walinikanda tumbo kwa nguvu mpaka nikapiga kelele, wakaongeza dawa kwenye dripu, wakabadilisha pedi na kuangalia kila baada ya muda mfupi. Ikapungua. Chupa za damu hazikuguswa.

Kitanda cha pili

Asubuhi nikaongea na dada wa kitanda cha jirani. Mtoto wa kwanza, kashonwa, kachoka. Nikamuuliza umetokea wapi, akasema Majohe. Majohe wapi? Kumbe ni njia ile ile yetu, upande wa chini, ananitajia duka ninaponunua mkaa.

Akaniuliza, "Nyie geti mlifunguliwaje?"

Kumbe wao walifika getini nusu saa tu kabla yetu. Yeye, wifi yake, na bodaboda. Honi, honi, hakuna mtu. Boda akashindwa kupita, wakazunguka bomba kwa miguu kwenye tope, wakatembea na uchungu mpaka wapate boda nyingine upande wa pili, alafu akakaa katikati ya dereva na wifi yake kilomita zote zile kwenye mvua.

Mlinzi hakuwa getini kwa ajili yao, kwa sababu mjumbe alimwambia habari ya nyumba yangu. Mimi niliomba kwa ajili yangu, nikapewa kwa ajili yangu, na nikashukuru nikaondoka. Haikunijia hata siku moja kuuliza wajawazito wengine kwenye ile njia ni wangapi.

Hilo nimekaa nalo wiki sita ndani, nikinyonyesha.

Nilipoanza kutoka nilirudi kwa mjumbe. Hakubisha, alisema tu hajawahi kuombwa. Sasa namba ya mlinzi imeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya lile bomba, pande zote mbili. Mke wa dereva nilimuomba ruhusa kwanza, akakubali namba yake nimpe nesi wa zahanati.

Juzi nimempeleka mtoto chanjo ya wiki ya sita. Nesi alikuwa anamjazia kadi binti mmoja mdogo mdogo, tumbo ndio limeanza kuonekana.

"Na usiku utafikaje?"

"Tutakodi tu dada."

Nesi akaniangalia. Akamsomea binti ile namba, binti akaiandika kwenye simu, akataka kuirudisha mfukoni.

"Ipigie hapa hapa," nesi akamwambia, peni bado iko hewani. "Na leo saa nane usiku uipigie tena."